Kuzima modi ya urembo kwenye kamera ya simu: njia nne, na ipi inakufaa

Ngozi yenye vitundu, malaika na mikunjo midogo ya pembeni mwa macho naweza kuilainisha kwa dakika chache nikikaa kwenye kompyuta, na mteja akilalamika kwamba nimezidisha, narudi nyuma. Ngozi ambayo simu imeshailainisha kabla ya kuhifadhi picha hairudi. Kwa kawaida simu haitunzi nakala mbili, moja yenye urembo na nyingine bila. JPEG inayoingia kwenye galari ndiyo picha pekee uliyonayo, na kilichofutwa humo kimefutwa.

Kwa selfi ya kumtumia rafiki hilo halina neno. Tatizo huanza pale faili inapotakiwa kufanya kazi. Mpambaji wa maharusi anataka mteja aone jinsi fundesheni ilivyokaa. Mtu mwenye upele anamtumia daktari wa ngozi picha ya shavu. Mwingine anajaza fomu ya viza ya Marekani au ya bahati nasibu ya DV, ambako picha iliyobadilishwa kidijitali haikubaliwi. Na kuna sisi wahariri, ambao tunaomba tu tuachiwe kitu cha kuhariri.

Njia za kupata faili yenye ngozi halisi ni nne: kushusha vitelezi vya urembo hadi sifuri ndani ya kamera ileile ya simu, kuhamia modi ya Pro kwenye kamera ya nyuma, kutumia programu nyingine kama Open Camera, au kupiga RAW, yaani faili ghafi kabla simu haijaichakata. Watu wengi huruka moja kwa moja hadi ya nne kwa sababu wamesikia ndiyo ya mabingwa. Mimi nadhani wengi wao walihitaji ya kwanza na dirisha zuri.

Kwanza jua nani anafuta ngozi yako

Kuna mambo mawili yanayofanana kwa macho lakini yanatibiwa tofauti. La kwanza ni modi ya urembo yenyewe. Simu inautafuta uso ndani ya picha, inatenga sehemu za ngozi, kisha inafifisha tofauti ndogondogo za mwanga na kivuli huku ikiacha kingo kubwa kama nyusi, kope na midomo. Ndiyo maana uso uliopitia urembo una macho makali na mashavu kama nta. La pili ni upunguzaji wa chenga. Kihisi cha kamera, kile kipande kinachopokea mwanga, kikipata mwanga mdogo hutoa chenga, yaani nukta ndogondogo kama mchanga juu ya picha, na simu huzifuta. Katika kuzifuta inafuta pia chochote kidogo kinachofanana na chenga, na vitundu vya ngozi vinafanana nazo sana.

Kuzima la kwanza hakuzimi la pili. Hapo ndipo wengi wanapokata tamaa na kusema simu yao "imegoma": wameshusha kitelezi hadi sifuri, uso bado ni laini.

Njia rahisi ya kutofautisha ni kuweka mkono kwenye picha. Mhusika ainue mkono, aweke mgongo wa kiganja kando ya shavu, umbali uleule kutoka kwenye kamera, na mwanga uleule. Piga, fungua picha kwenye galari, uvute hadi uone shavu na mkono kwa ukubwa. Ikiwa mistari ya ngozi ya mkono inaonekana na shavu ni tambarare, kuna urembo uliowashwa mahali fulani, kwa sababu unafuata uso na mkono umeuacha. Ikiwa vyote viwili vimelainika, na hata nyuzi za kanga mabegani zimeyeyuka, mkosaji ni chenga zilizofutwa, au fokasi haikukaa, au mtu alitikisika. Ikiwa nyusi nazo zina ukungu, anza na fokasi. Kamera nyingi za mbele kwenye simu za bei ya kati na chini zina fokasi isiyobadilika, iliyowekwa kwa umbali wa mkono ulionyooshwa, hivyo ukisogeza simu karibu sana na uso ili "ngozi ionekane", unaipoteza zaidi.

Hata simu isiyo na kitelezi chochote cha urembo inaweza kulainisha. Mwaka 2018, iPhone XS ilipotoka, watu walilalamika kwamba selfi zao zina ngozi laini kupita kiasi, na jambo hilo likabatizwa jina la Beautygate. Apple hawakuwa wameweka modi ya urembo. Simu ilikuwa inachanganya picha kadhaa zilizopigwa mfululizo ili kupata mwanga mzuri, na ilikuwa inachagua picha isiyo kali kuwa msingi. Toleo la iOS 12.1 lilirekebisha uchaguzi huo. Kwa hiyo uso laini peke yake si ushahidi kwamba kuna kitelezi kimejificha.

Njia ya kwanza: sifuri kwenye kamera ya simu

Hii ndiyo ya kuanzia kwa kila mtu, kwa sababu haihitaji kusakinisha kitu na haipotezi faida za kamera ya mtengenezaji, kama vile fokasi ya haraka na mchanganyiko mzuri wa mwanga na kivuli.

Kwenye Samsung, fungua kamera, geuza iwe ya mbele, gusa alama ya madoido, ingia `Face`. Utakuta vitelezi kadhaa, kama `Smoothness`, `Tone`, `Jawline` na `Eyes`. Watu hushusha `Smoothness` na kuondoka. Shusha vyote, na `Tone` hasa, kwa sababu nitakayoieleza baadaye. Kwenye Redmi na Xiaomi nyingine, gusa kijiti cha uchawi juu ya kioo, chagua `Beautify`, vuta hadi mwisho wa kushoto. Kwenye simu nyingi za Tecno na Infinix, `BEAUTY` ni modi inayojitegemea katika ule mstari wa chini, kwa hiyo hatua ya kwanza ni kutoitumia; lakini angalia pia kama kuna alama ya uso ndani ya modi ya kawaida na ya `PORTRAIT`, nayo uizime. Kwenye Pixel jina lake ni `Face retouching`, na lina hatua za `Subtle` na `Smooth` pamoja na kuzima. Mwaka 2020 Google walitangaza kwamba kuanzia Pixel 4a simu zao zitatoka kiwandani zikiwa zimezima kipengele hicho, jambo ambalo wengine wangeiga ningefurahi.

Mtego mkubwa wa njia hii ni kwamba mpangilio hauishi mahali pamoja. Kamera ya mbele ina wake, ya nyuma ina wake, picha ya kawaida ina wake, `Portrait` ina wake, na video ina wake. Mtu anazima kwenye selfi ya kawaida, siku ya kazi anahamia `Portrait` ili nyuma iwe na ukungu, na urembo unarudi bila kumwomba ruhusa. Pitia modi zote unazotumia, moja baada ya nyingine, kisha funga kamera kabisa, uifungue tena, uone kama sifuri imebaki sifuri. Rudia ukaguzi huo kila baada ya simu kusasishwa.

Kwenye Samsung za daraja la S kuna nyongeza inayostahili dakika zako. Pakua Camera Assistant kutoka Galaxy Store, utafute `Picture softening`. Hicho hakihusu uso peke yake, kinagusa makali ya picha nzima katika modi ya kawaida. Kwa kazi ya ngozi kiache kimezimwa.

Mipaka yake ni hii: JPEG utakayopata bado imepitia ufutaji wa chenga na ukolezaji wa kingo wa mtengenezaji. Mchana karibu na dirisha utaona vitundu vya pua na mashavu vizuri. Usiku chini ya taa moja ya ukumbini, hutaviona, na hakuna kitelezi kitakachokusaidia.

Njia ya pili: kamera ya nyuma, modi ya Pro

Kamera ya nyuma karibu kila mara ina kihisi kikubwa zaidi na fokasi inayosogea. Kwa ngozi, mabadiliko hayo peke yake yanazidi tofauti ya kuzima na kuwasha kitelezi kwenye kamera nyingi za mbele. Ukiweza kumpata mtu wa kukupigia, au kuweka simu kwenye kistendi na kutumia kipima muda, acha kabisa kamera ya mbele.

Modi ya `Pro` inaongeza mambo mawili. Kwa kawaida vitelezi vya urembo havimo humo. Pia inakupa mamlaka juu ya ISO, kipimo cha wepesi wa kihisi kwa mwanga, na kasi ya shata, muda ambao kihisi hupokea mwanga. Hivyo unatawala kiasi cha chenga ambacho simu itapata sababu ya kufuta. ISO ikiwa 50 au 100, chenga ni chache na ufutaji ni mpole. ISO ikipanda hadi 800 na zaidi, simu inapaka ngozi kwa nguvu hata ndani ya Pro.

Mhusika akiwa ameketi kama mita moja kutoka dirishani, jua lisimpige moja kwa moja, anza na ISO 100 na shata ya 1/125. Picha ikiwa na giza, shusha shata hadi 1/60 kabla hujagusa ISO, ukitegemea kistendi na mhusika aliyetulia. Ikibaki giza, ndipo upandishe ISO hadi 200. Gusa jicho lililo karibu ili fokasi ikae pale. Kwenye simu nyingi namba ya ISO iliyotumika utaiona baadaye kwenye taarifa za picha ndani ya galari, na ukizoea kuisoma utaacha kuilaumu simu kwa makosa ya taa.

Udhaifu wa Pro ni kwamba mara nyingi haipati ule mchanganyiko wa picha kadhaa unaookoa anga jeupe dirishani na kivuli cha upande wa pili wa uso. Unatakiwa upange mwanga mwenyewe. Shuka jeupe lililotundikwa upande wenye kivuli linafanya kazi kubwa. Na kwa wapenda selfi, Pro ya Samsung ni ya kamera za nyuma tu.

Njia ya tatu: Open Camera

Open Camera ni programu ya bure, ya chanzo huria, ya Android. Faida yake kwa shughuli hii si kwamba "haina urembo". Faida ni kwamba inakuruhusu kuiambia simu isifute chenga na isikoleze kingo, vitu viwili ambavyo kamera nyingi za watengenezaji hazikuulizi.

Ndani ya mipangilio yake, tafuta `Camera API` uibadilishe kuwa `Camera2 API`. Kisha nenda kwenye mipangilio ya uchakataji, ufungue `Noise reduction algorithm` uchague `Off`, au `Minimal` ikiwa `Off` haipo. Fungua pia `Edge mode algorithm` uchague `Off`. Mwisho, ongeza `Image quality` hadi 100%, kwa sababu JPEG iliyobanwa sana inaharibu vitu vidogo kwa namna yake.

Utakachokiona kitakushtua kidogo. Picha itaonekana ina chenga na haina ukali ule uliouzoea. Hiyo ndiyo hali ya kweli ya kihisi cha simu yako. Vuta shavuni ulinganishe na picha ya kamera ya kawaida. Kama kuna malaika za shavuni au mistari ya mdomo uliyokuwa huioni na sasa unaiona kati ya chenga, umepata ulichokitafuta, na mhariri ataondoa chenga kwa uangalifu kuliko simu. Kama huoni cha ziada zaidi ya chenga, kamera ya simu haikuwa inakunyima kitu, rudi ukaitumie.

Njia hii inatofautiana mno kati ya simu na simu. Menyu hizo mbili hutoka kwenye uwezo ambao mtengenezaji ameufungua. Simu ikitoa kiwango cha chini kabisa cha Camera2, kinachoitwa LEGACY, `Camera2 API` haitakupa cha maana, na unaweza usiione kabisa. Kamera ya nyuma inaweza kuwa na menyu kamili wakati ya mbele haina kitu. Lenzi nyingine za nyuma zinaweza zisionekane. Na ziko simu ambazo mtengenezaji anaendelea kuchakata picha chini kwa chini hata programu ikiomba vingine. Ule mtihani wa mkono ndio hukumu: urudie ndani ya Open Camera kabla hujaitegemea kwenye kazi ya mteja.

Usiku siipendekezi. Bila kuchanganya picha kadhaa, simu ya bei ya kati ikizimiwa ufutaji wa chenga gizani inatoa mchanga mtupu.

Njia ya nne: RAW

RAW, inayohifadhiwa kama DNG, ni taarifa za kihisi kabla hazijageuzwa kuwa picha iliyopikwa. DNG ya kawaida ya Android imetoka mahali ambapo urembo bado haujaingia, hivyo haina haja ya kukisia kama kitelezi kimezimwa. Ukitaka uhakika, hakuna unaozidi huu.

Gharama yake ya kwanza ni nafasi. Picha ya megapikseli 12 ikihifadhiwa bila kubanwa, baiti mbili kwa kila pikseli, inakula takribani megabaiti 24, wakati JPEG yake ina chache tu. Harusi nzima kwa mtindo huo itaijaza simu kabla keki haijakatwa. Gharama ya pili ni kwamba faili haiko tayari. Ukiifungua kwenye Lightroom ya simu au Snapseed, itakuwa imepooza rangi, ina chenga, labda pembe zina giza. Lazima mtu aifanyie kazi. Kama hakuna wa kuifanyia kazi, umebeba mzigo bure.

Upatikanaji nao si sawa. Samsung za daraja la S wanayo ndani ya Pro na kwenye programu yao ya Expert RAW. Nyingi za daraja la A hazikupi kwenye kamera yake. Redmi kadhaa zina alama ya RAW juu ya modi ya Pro. Pengine Open Camera inaweza kukufungulia, ikiwa simu inaruhusu.

Kwa wenye iPhone za Pro, kuanzia 12 Pro, kuna Apple ProRAW, inayowashwa kwenye mipangilio ya kamera sehemu ya `Formats`. Hiyo si RAW tupu kama DNG niliyoieleza. Imeshachanganywa kutoka picha kadhaa na kupunguzwa chenga, ingawa inakupa nafasi kubwa ya kuhariri. Expert RAW ya Samsung iko katika ukoo huohuo. Kwa ngozi zote mbili ni nzuri, mradi usidhani unaangalia kihisi kikiwa uchi. ProRAW haifanyi kazi ndani ya modi ya Portrait, na inachukua kama megabaiti 25 kwa picha ya megapikseli 12, au 75 kwa ya 48. Mwenye iPhone isiyo Pro hana kitelezi cha kushusha wala ProRAW ya kuwasha. Kwake dawa ni mwanga mwingi, kamera ya nyuma, au programu nyingine inayopiga RAW.

Mfano: mpambaji, Redmi, na fundesheni iliyobadilika rangi

Tuchukue mpambaji anayefanya kazi na Redmi ya bei ya kati. Amemaliza kumpamba bibi harusi mwenye ngozi ya maji ya kunde, anataka picha ya karibu kwa ajili ya kuonyesha wateja wengine. Anageuza kamera ya mbele ili bibi harusi ajione, `Beautify` ikiwa pale ilipowekwa na kiwanda. Picha inatoka, kila mtu chumbani anaishangilia. Wiki mbili baadaye mteja mpya anaiangalia na kuuliza kama hiyo ni kazi ya mikono au ya simu.

Mteja ana haki ya kuuliza. Shavu halina kitundu hata kimoja, kwa hiyo haiwezekani kujua kama fundesheni imekaa vizuri au imepasuka. Hailaita imetandazwa ikawa ukungu mweupe. Na jambo baya zaidi kwa mpambaji: urembo wa simu nyingi haulainishi tu, unang'arisha. Uso unasogea hatua moja au mbili kuelekea weupe wakati shingo na mabega, ambavyo simu haikuvihesabu kama uso, vinabaki na rangi yake. Kwenye picha inaonekana mpambaji amekosea namba ya fundesheni, na hakukosea. Hii ndiyo sababu nilisisitiza `Tone` kule kwenye Samsung. Mtu akizima `Smoothness` na kuacha `Tone`, anapata vitundu halisi vya ngozi kwenye rangi ambayo si ya mwenye ngozi. Kwa watu weusi kosa hilo la pili ni kubwa kuliko la kwanza, na ni la kawaida mno kiasi kwamba wengi wanadhani ndivyo picha inavyotakiwa kuwa. Ukitaka kulipima, angalia mpaka wa taya na shingo kwenye picha, kisha mwangalie mhusika kwa macho. Mpaka ukiwepo kwenye picha na usoni haupo, kuna kitelezi kinang'arisha.

Sasa afanye hivi. Bibi harusi anahamishiwa kwenye kiti kando ya dirisha, uso ukielekea nje kwa pembe, taa ya chumbani inazimwa ili rangi mbili za mwanga zisigombane usoni. Kamera ya nyuma, modi ya kawaida, `Beautify` imekaguliwa na iko sifuri. Simu iko umbali wa nusu mita hivi, imevutwa mara mbili ikiwa simu ina lenzi ya kuvutia, vinginevyo haivutwi kabisa, atakata picha baadaye. Anapiga moja yenye mkono kando ya shavu kama kipimo, anaikagua. Mkono na shavu vinafanana kwa undani? Anaendelea. Shavu bado limelainika kuliko mkono? Anaingia Pro, ISO 100, 1/125, anajaribu tena kabla bibi harusi hajachoka.

Kwenye simu ya aina hiyo, kwa mwanga wa dirisha, Pro karibu kila mara inatosha. Open Camera angeijaribu siku asiyokuwa na mteja. RAW hahitaji, isipokuwa picha inaenda kwa mhariri kwa ajili ya bango au jalada.

Na kama harusi ni ya usiku na dirisha ni jeusi? Hapo asitafute njia ya tano ndani ya simu. Taa ya duara ya LED wanayotumia wapambaji wengi, ikiwekwa karibu na juu kidogo ya uso, inarudisha ISO chini, na ISO ikishuka vitundu vya ngozi vinarudi. Pesa ya taa hiyo inafanya kazi kuliko kubadilisha simu.

Kwa hiyo ipi?

Anayetaka picha ya fomu ya viza au DV atumie njia ya kwanza kwenye kamera ya nyuma, apigwe na mtu mwingine mchana, na asiiguse baadaye kwa programu yoyote ya kurembesha. Open Camera na RAW hazimwongezei chochote, na chenga zinaweza kumletea shida nyingine.

Anayempigia daktari picha ya ngozi naye atumie kamera ya nyuma, tena ajaze fremu kwa sehemu yenye tatizo peke yake. Simu isipoona macho na mdomo mara nyingi haitambui kwamba kuna uso, na urembo haupati pa kushika. Apige na nyingine ya mbali kidogo ili daktari ajue ni shavu la upande gani.

Mpambaji na muuza vipodozi: ya kwanza kwa video na picha za haraka, Pro kwa zile za karibu atakazoziweka kwenye kazi zake. Mpiga picha mwenye simu inayotoa DNG, na ambaye mwenyewe ndiye mhariri, apige RAW pamoja na JPEG kwa picha chache muhimu za uso, si kwa kila kitu. Open Camera namwachia yule ambaye mtihani wa mkono umeonyesha mkono na shavu vyote vimepakwa hata mchana kweupe. Huyo kamera ya mtengenezaji inamfutia kwa nguvu mno, na hana kitelezi kingine cha kushusha.

Mwenye Pixel mpya au iPhone asihangaike sana. Akague kimoja (`Face retouching`) au asikague chochote, atafute mwanga.

Ukishaipata faili, usiipoteze njiani. Picha ikitumwa WhatsApp kama picha ya kawaida inapunguzwa ukubwa na kubanwa, na vile vitundu ulivyovihangaikia ndivyo vya kwanza kuondoka. Chaguo la HD lililoongezwa mwaka 2023 linasaidia lakini nalo linabana. Gusa alama ya kuambatisha, chagua `Document`, kisha itafute picha humo, ndipo itafika kama ilivyo, na DNG husafiri kwa njia hiyohiyo. Mpokeaji akikuambia ngozi ni laini, mwulize kwanza ukubwa wa faili aliyoipokea, ulinganishe na iliyoko kwenye simu yako. Namba zikitofautiana, kamera haina kosa.